Ikisiri ya tasnifu: lipi libadilishwe, lipi lisiguswe

"Wakubwa zangu, naandika tasnifu ya umahiri kuhusu mnyambuliko wa kauli ya kutendea. Msimamizi amenirudishia ikisiri, ameandika pembeni: 'Maneno yanajirudia mno.' Nimehesabu, 'utafiti huu' iko mara kumi na moja, 'mofimu' mara tisa, 'umebaini' mara sita. Nimeanza kubadilisha: pengine naandika mofimu, pengine kiambishi, pengine kipashio. Niko sawa?"

Mdogo wangu, acha hapo hapo ulipofika na urudishe kila "mofimu" mahali pake. Nakuambia hivi kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo, na iliniangukia siku ya utetezi.

Mada yangu ilikuwa jirani na yako. Nami niliambiwa maneno yanajirudia, nikakaa usiku mzima nayabadilisha. Kwenye mwili wa tasnifu nilikuwa nimeandika vizuri kwamba mofimu ya kutendea ina alomofu nne. Katika ikisiri, kwa kukimbia neno "alomofu" lililojitokeza mara nyingi, nikaandika kwamba "kauli ya kutendea ina mofimu nne". Mtahini wa nje alifungua ukurasa huo, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza kwa upole: "Ni mofimu moja au ni nne?" Nilijua jibu, lakini karatasi iliyokuwa mbele yake ilisema kinyume. Tulitumia muda mrefu hapo kabla hatujafika hata sura ya kwanza.

Tazama jambo lenyewe kwa karibu. Pika inakuwa pikia, soma inakuwa somea, fua inakuwa fulia, toa inakuwa tolea. Unapata maumbo manne: -i-, -e-, -li- na -le-. Maana ni ile ile katika yote, kufanya jambo kwa ajili ya mtu, au mahali fulani, au kwa kutumia kitu fulani. Kwa kuwa maana ni moja na maumbo yanabadilika kwa kufuata mazingira ya sauti, tunasema mofimu ni moja na alomofu ni nne. Ukiandika "mofimu nne" umesema kuna maana nne tofauti, na hilo ni dai jingine kabisa. Umebadilisha neno moja tu, na matokeo ya utafiti wako yamegeuka.

"Kiambishi" nacho si jina jingine la mofimu. Katika pikia, -pik- ni mofimu lakini si kiambishi, ni mzizi. Hiyo -i- ndiyo mofimu na ndiyo kiambishi. Kwa hiyo kila kiambishi kinawakilisha mofimu, lakini si kila mofimu ni kiambishi. "Kipashio" ndiyo pana kuliko zote: fonimu ni kipashio, silabi ni kipashio, hata neno ni kipashio. Ukizichanganya tatu hizi ndani ya aya moja, msomaji hataona ufundi wa lugha. Ataona vitu vitatu, na ataanza kutafuta cha pili na cha tatu viko wapi kwenye malengo yako.

Kipimo ninachokitumia tangu siku ile ni hiki. Chukua neno unalotaka kubadilisha, weka lile jipya, kisha usome sentensi kama mtu asiyejua tasnifu yako. Kama idadi imebadilika, au aina ya kitu imebadilika, au dai limekuwa pana au jembamba zaidi, neno hilo ni istilahi, liache. Na kama liko kwenye anwani, kwenye malengo, au ulilitolea fasili katika sura ya kwanza, usihangaike hata kulipima. Hilo limeshafungwa na wewe mwenyewe.

Kuna istilahi zenye pacha wa kweli, na hizo ndizo zinazotutega zaidi. Kauli yako wengine wanaiita kutendea, wengine kufanyia. Nomino inayotendwa wengine wanaiita yambwa, wengine shamirisho. "Mama alimpikia mtoto uji": kwa wanaotumia yambwa, uji ni yambwa tendwa na mtoto ni yambwa tendewa, kwa wanaotumia shamirisho, uji ni kipozi na mtoto ni kitondo. Hapa maana haipotei ukibadilisha, kwa hiyo mtu anajiona yuko salama. Hayuko. Msomaji akikuta "yambwa" mstari wa nne na "shamirisho" mstari wa saba, ana haki ya kudhani umetofautisha mawili hayo kwa makusudi. Rafiki yangu alifanya hivyo, na aliyemtafsiria ikisiri kwa Kiingereza akaweka maneno mawili tofauti, ikabidi arudishe kazi yote. Chagua pacha mmoja, yule uliyemtumia kwenye anwani, na umtumie huyo huyo mpaka mwisho. Pacha wa pili umtaje mara moja ndani ya tasnifu, pale unapotoa fasili, si kwenye ikisiri.

Maneno ya mipaka nayo usiyaguse, ingawa hayaonekani kama istilahi. Nimeona umeandika "vitenzi vya silabi zaidi ya moja" na mara ya pili ukaandika "vitenzi vya Kiswahili" ili kupumzisha sikio. Kanuni yako inasema irabu ya mwisho ya mzizi ndiyo inayoamua: a, i na u huchukua -i-, e na o huchukua -e-. Sasa mtu atakuuliza kuhusu kunywa. Inakuwa nywea, na mzizi -nyw- hauna irabu ya kuamua chochote. Maneno "silabi zaidi ya moja" ndiyo yaliyokuwa yanakulinda na swali hilo, nawe umeyaondoa.

Basi msimamizi wako alilalamikia nini? Nina hakika hakuwa na shida na "mofimu". Shida yake ni "utafiti huu" mara kumi na moja, na hiyo tiba yake si kutafuta majina mengine. Wengi wanaandika "utafiti huu", kisha "uchunguzi huu", kisha "kazi hii", kisha "makala hii", wakati mbele ya msomaji ni tasnifu wala si makala. Kiswahili kina njia yake, kiambishi cha upatanisho. "Utafiti huu ulichunguza" ukishaandikwa, sentensi inayofuata inaweza kuanza na "Ulitumia" peke yake, na kila mtu anajua ni nani. Ile u- imebeba nomino nzima. Kwa hiyo marudio mengi hayabadilishwi, yanafutwa.

Ila ufute kwa macho. Ukiandika "Nadharia iliyotumika ilisaidia kuchagua sampuli. Ilikuwa na vipengele vitatu," hiyo i- ni ya nadharia au ya sampuli? Nomino zote mbili ni za ngeli moja, na upatanisho hauwezi kukutofautishia. Hapo rudia nomino bila aibu: "Nadharia hiyo ilikuwa na vipengele vitatu." Hata "utafiti" na "unyambulishaji" zinagombania u- moja, nawe zote mbili unazo kwenye aya moja. Marudio yanayomwongoza msomaji si kosa.

Kuhusu "umebaini" mara sita, hapa ndipo una uhuru, lakini uhuru wenye ngazi. "Imebainika", "imedhihirika", "matokeo yanaonyesha" na "imeonekana" zinakaa karibu karibu, zichanganye. "Umethibitisha" iko juu zaidi, inataka ushahidi usiopingika, na mtahini atakushika nayo. "Unadokeza" au "unaashiria" ziko chini, zinasema huna hakika. Na "kubainisha" si "kubaini": kubaini ni kutambua wewe, kubainisha ni kuweka wazi ili wengine waone. Vitenzi vya malengo navyo viache vilivyo. Kama lengo la pili katika sura ya kwanza ni "kueleza", kwenye ikisiri lisigeuke "kutathmini", kwa sababu kutathmini kunadai vigezo vya kupimia ambavyo hukuviweka.

Sasa kazi yenyewe. Sehemu ya ikisiri uliyotuwekea ilikuwa hivi: "Utafiti huu ulichunguza mnyambuliko wa kauli ya kutendea katika Kiswahili Sanifu. Utafiti huu ulikuwa na malengo matatu. Lengo la kwanza la utafiti huu lilikuwa kubainisha alomofu za mofimu ya kutendea. Lengo la pili la utafiti huu lilikuwa kueleza mazingira ya kifonolojia ya kila kiambishi. Lengo la tatu la utafiti huu lilikuwa kuonyesha athari ya kipashio hicho kwa idadi ya yambwa. Utafiti huu umebaini kwamba mofimu ya kutendea ina viambishi vinne. Utafiti huu umebaini pia kwamba uteuzi katika vitenzi vya Kiswahili hutegemea irabu. Utafiti huu umebaini kwamba shamirisho huongezeka."

Mimi ningeandika: "Utafiti huu ulichunguza mnyambuliko wa kauli ya kutendea katika Kiswahili Sanifu kwa malengo matatu: kubainisha alomofu za mofimu ya kutendea, kueleza mazingira ya kifonolojia ya kila alomofu, na kuonyesha athari ya mofimu hiyo kwa idadi ya yambwa. Imebainika kwamba mofimu ya kutendea ina alomofu nne, ambazo ni -i-, -e-, -li- na -le-. Katika vitenzi vya silabi zaidi ya moja, irabu ya mwisho ya mzizi ndiyo inayoamua kati ya i na e, na l hujitokeza pale mzizi unapoishia na irabu. Matokeo yanaonyesha pia kwamba mofimu hiyo huweza kukiongezea kitenzi yambwa tendewa."

"Utafiti huu" imebaki moja kati ya nane. "Lengo la" imeondoka yote kwa nukta mbili. "Mofimu" imeongezeka, kutoka mbili hadi nne, na hakuna anayeiona kwa sababu kila mahali ilipo inafanya kazi. "Mofimu hiyo" nayo imesaidia: "hiyo" na "hizo" ndizo njia salama ya kupunguza uzito wa istilahi bila kuibadilisha jina.

Unapotafuta marudio kwenye kompyuta, usiandike neno zima. Bonyeza Ctrl+F uandike mzizi. Ukitafuta "umebaini" utapata sita, lakini ukitafuta "bain" utapata pia imebainika, kubainisha na ilivyobainishwa, ambazo sikio la msimamizi lilizisikia nawe hukuzihesabu. Kwa istilahi fanya kinyume. Andika "kiambishi", halafu "viambishi", halafu "kipashio", halafu "shamirisho", na kila inapotokea ujiulize kama ulimaanisha hiyo au ulikuwa unaikimbia "mofimu" au "yambwa". Fanya hivyo pia kwenye anwani, malengo na sura ya mwisho, kwa sababu ukirekebisha ikisiri peke yake utakuta sura ya tano bado inasema vingine.

Ukimaliza, iweke hapa toleo jipya kabla hujampelekea msimamizi. Nitaisoma, na yule mwalimu wa fonolojia aliyechangia uzi wa juzi naye nitamwomba aitazame ile sehemu ya l, maana hapo ndipo nadhani utaulizwa zaidi.