Kompresa kwenye sauti ya maongezi: lini ibane, lini iachie

Anayeanza kuhariri sauti ya maongezi huzoea upesi `Threshold` na `Ratio` za kompresa, chombo kinachoshusha sauti inapokuwa kubwa mno: ya kwanza ni mstari ambao sauti ikiuvuka hubanwa, ya pili huamua ibanwe kwa kiasi gani. Zinazomsumbua ni `Attack` na `Release`, maana hizi zinahusu muda. `Attack` ni muda ambao kompresa hutumia kubana baada ya sauti kuvuka mstari. `Release` ni muda wa kuachia sauti ikishashuka. Zote hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1000.

Chukua sentensi hii: "Hapana! Sikiliza kwanza." Msemaji ametamka "Hapana" kwa nguvu, ikafika -8 dB, na maneno yaliyofuata yakafika -14 dB. Weka `Threshold` -17 dB na `Ratio` 3:1. "Hapana" imevuka mstari kwa desibeli 9, itatoka juu ya mstari kwa desibeli 3 tu, kwa hiyo imebanwa desibeli 6. "Sikiliza" imevuka kwa 3, itatoka kwa 1. Pengo la desibeli 6 limebaki 2. Hiyo ndiyo hesabu, lakini masikio yatapokea nini inategemea muda.

Anza na `Attack`. Konsonanti kama k, t na p huanza kwa mpasuko mfupi sana, wa milisekunde chache tu, na mpasuko huo ndio unaomwezesha msikilizaji kutofautisha "kata" na "pata". Ukiweka `Attack` ya milisekunde 0.5, kompresa inaudaka mpasuko wenyewe, na sauti inakuwa butu kama mtu anaongea nyuma ya pazia. Ukiweka 60, mwanzo wote wa silabi unapita bila kuguswa, halafu irabu inabanwa: konsonanti zinachoma masikio, na vilele ulivyotaka kuvishusha viko palepale. Kwa maongezi, anzia milisekunde 10. Msemaji akiwa na konsonanti kali, shuka hadi 5. Akiwa na sauti nzito isiyo wazi, panda hadi 20.

`Release` ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi, kwa hiyo tuiangalie kwa makini. Rudi kwenye sentensi yetu, tuseme kati ya "Hapana" na "Sikiliza" kuna pengo la milisekunde 150. `Release` ikiwa 600, "Sikiliza" inaanza huku kompresa bado inashikilia desibeli kama 4 au 5. Silabi "si" inazama, na neno linapanda taratibu hadi mwisho. Utaona kwenye mita ya `Gain Reduction`, inayoonyesha desibeli zinazobanwa: mshale haurudi sifuri hata msemaji anapopumzika. Ikiwa 100, karibu yote imeshaachiwa neno linapoanza.

Usikimbilie kuishusha zaidi, kwani upande wa pili nako kuna shimo. Sauti ya kiume ya hezi 100 ina wimbi moja kila milisekunde 10. `Release` ikiwa 10 au 15, na `Attack` nayo ikiwa fupi, kompresa inaanza kufuata mawimbi yenyewe badala ya maneno, na sauti inakwaruza. Hata ikiwa 30, kila msemaji anaponyamaza kidogo, pumzi yake na mvumo wa chumba vinaruka juu ghafla, hasa ukiwa umeongeza `Makeup Gain`, inayopandisha sauti yote baada ya kubanwa. Anzia 100, kisha utafute kati ya 80 na 200.

Ili usikie tofauti, zidisha kwanza. Weka `Ratio` 10:1, shusha `Threshold` hadi mita ionyeshe desibeli 12 au zaidi, na `Attack` iwe fupi kabisa. Cheza sekunde 10 za maongezi kwa kurudiarudia, ukiongeza `Attack` polepole mpaka t na k zirudi kuwa wazi. Kisha ongeza `Release` kutoka 30 mpaka pumzi ziache kuruka, na usimame kabla neno la baadaye halijaanza kuzama. Ndipo urudishe `Ratio` 3:1 na `Threshold` mahali pake. Namba hizo usizihamishe kichwakichwa kwenda programu nyingine. Programu hazipimi muda huu kwa njia moja.

Kama kompresa inashtuka mahali ambapo husikii sauti kubwa, mara nyingi ni upepo wa p au b uliopiga maikrofoni. Mvumo huo mzito unavuka mstari na kubana neno zima. Weka `High-pass` ya hezi 80, kichujio kinachopunguza sauti nzito zilizo chini ya hapo, kabla ya kompresa, si baada yake. Na neno likiwa limezidi mengine kwa desibeli 10 na zaidi, hakuna `Release` itakayolificha: lishushe kwa mkono kwenye faili kwanza, kisha uiachie kompresa kilichobaki.