Aliyelala kimya kiti 24C: pombe, kidonge cha usingizi na hewa ya ndani ya ndege

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uhudumu ndani ya ndege, kila kundi linalokuja huniuliza kuhusu abiria mlevi mkorofi. Nimefanya kazi hii miaka 14, zaidi kwenye safari za usiku zinazoondoka Unguja kwenda Ulaya, na yule mkorofi hanipi khofu sana, kwa sababu anapiga kelele na kila mtu anamwona. Anayenitia khofu ni yule aliyekunywa glasi mbili za mvinyo, akameza kidonge cha usingizi, akajifunika blanketi na kulala. Huyo ndiye nitakayewaeleza leo.

Kwanza muelewe hewa tunayofanyia kazi. Ndege ikiwa juu mita 11,000, ndani yake hatuvuti hewa ya pwani. Mitambo huisindilia hewa, lakini haiirudishi kuwa kama ya Malindi au Forodhani. Inaruhusiwa mpaka iwe kama ya mtu aliyesimama mahali penye urefu wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani kama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ndege mpya kama Boeing 787 hukaa chini kidogo, karibu mita 1,800. Sisi tuliozaliwa visiwani hatuna mlima. Mtu wa Pemba aliyezoea kijindege cha kuvukia Unguja hata hajawahi kuonja hewa hiyo, maana vile vidogo haviisindilii hewa lakini huruka chini. Kwenye ndege kubwa, kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko ya pwani.

Mtu mzima mwenye afya halioni pengo hilo. Pwani, kipimo cha kidoleni humsomea oksijeni ya damu asilimia 97 au 98. Angani akiwa macho hushuka kwenye 90 na kitu. Anapumua kwa nguvu kidogo zaidi, moyo unaongeza kasi kidogo, mambo yanakwenda. Mwili unalipa deni hilo wenyewe, na ndiyo maana abiria wengi hawajui kuwa lipo.

Sasa pombe. Mtasikia watu wakisema glasi moja angani ni sawa na mbili ardhini. Si kweli kwamba pombe huongezeka kwenye damu kwa sababu ya urefu. Vipimo vimeonyesha kiwango ni kilekile. Kinachobadilika ni kwamba ubongo uliokwisha kupungukiwa oksijeni unaletewa kitu kingine cha kuuzubaisha. Ukiongeza uchovu, kukosa usingizi usiku uliotangulia na tumbo tupu, mtu anaonekana amelewa kuliko alivyokunywa. Kwa hiyo msihesabu glasi mlizomimina nyinyi tu. Mgeni anayeondoka Zanzibar mara nyingi amekwisha kunywa Nungwi mchana na kuongeza uwanjani kabla ya kupanda.

Usingizi ndiyo pahala pabaya. Mtu akilala, kupumua kwake kunapungua kwa kawaida. Pombe hulegeza misuli ya koo, njia ya hewa inabana, mtu anakoroma. Oksijeni ikishuka au hewa chafu ikijaa mwilini, ubongo una kengele yake: humshtua mtu kidogo, ajigeuze, avute pumzi kubwa. Pombe huifanya kengele hiyo ichelewe kulia, na dawa ya usingizi ikiongezwa juu yake inazidi kuchelewa.

Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio lililonisaidia sana kufundisha jambo hili. Walichukua watu 48 wenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 40. Nusu walilala kwenye chumba cha kawaida, nusu kwenye chumba chenye hewa ya mita 2,400, usiku mmoja wakiwa wamekunywa na usiku mwingine bila. Pombe yenyewe haikuwa nyingi, kiasi cha glasi mbili za mvinyo. Waliokunywa na kulala kwenye chumba cha kawaida, oksijeni yao ilikuwa kati ya 94 na 96, kama kawaida, na moyo ulipiga mara 77 kwa dakika. Waliokunywa na kulala kwenye hewa ya mita 2,400, oksijeni ilishuka mpaka 85 hivi na moyo ukapanda hadi 88. Hao ni vijana wazima. Mnaowahudumia ni watu wa miaka 60 wenye presha, wanene wanaokoroma hata nyumbani kwao, wenye pumu na mapafu ya sigara, na wetu wenye selimundu, ambao oksijeni ikishuka wanaweza kuingia kwenye maumivu makali.

Kuhusu vidonge niwe mkweli, nisiwatishe bure. Zolpidem moja kwa mtu mwenye afya asiyekunywa haijaonekana kumshusha oksijeni sana kwenye mwinuko. Shida yake peke yake ni nyingine: inataka saa 7 au 8 za kulala, na mtu akiamshwa kabla ya hapo anaweza kuinuka, kutembea, hata kuongea, na asikumbuke kitu. Valiamu inakaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa mtu mzima wa umri mkubwa ndiyo mbaya zaidi. Na msidhani abiria asiyegusa pombe hayumo kwenye somo hili. Bibi anayekwenda Umra aliyepewa na jirani Piritoni mbili na Valiamu moja "ili asione khofu" naye amechanganya vitu viwili vinavyolaza. Pombe na kidonge vikikutana ndiyo hatari kubwa, kwa sababu vyote viwili vinasukuma ubongo upande uleule.

Nawapa kisa kimoja kama kilivyokuwa. Tuliondoka Unguja saa nne usiku. Kiti 24C alikaa mgeni wa miaka hamsini na kitu, mnene, na mkewe 24B. Alikunywa mvinyo mwekundu mara mbili na chakula, mwenzetu akamwongezea wa tatu bila kumuuliza kitu. Saa saba na nusu, taa zimezimwa, mdogo wetu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi akaja jikoni akaniambia, "Dada, yule wa 24C alikuwa anakoroma sana, sasa kanyamaza, sijui ni sawa."

Yule kijana alifanya kazi ya maana kuliko sote usiku ule. Mkoromo mzito unaokatika, kimya, halafu mshtuko wa pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini: hiyo ni njia ya hewa inayofunga na kufunguka. Nilikwenda nikasimama pembeni yake na tochi. Niliweka mkono wangu juu ya blanketi kifuani pake, nikatizama saa yangu kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu pumzi za mtu kama huyu hazina mpangilio. Alivuta pumzi 8. Mara mbili kifua kilijaribu kupanda lakini hewa haikutoka puani. Nikamwita, kimya. Nikamgonga bega, akaguna. Nilipombana kwa nguvu msuli wa bega ndipo alipofungua macho, akayafumba tena.

Kipimo cha kidoleni kilisoma 79. Mkewe akasema amechoka tu, tumwache alale. Nikamuuliza swali moja: amemeza nini? Akatoa kwenye mfuko wa kiti karatasi ya zolpidem, ya miligramu 10, kimoja kimetoka. Alimeza saa sita kasoro, baada ya mvinyo.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Nilimwinua kidevu na kurudisha kichwa nyuma, nikaweka mto nyuma ya shingo. Pumzi ikasikika papo hapo. Mwenzangu akaleta mtungi wa oksijeni na barakoa, tukafungua lita 4 kwa dakika. Mwingine akamweleza kapteni, akatuunganisha na daktari wa ardhini, na tukatangaza kuuliza kama kuna daktari ndani. Baada ya dakika kama tano kipimo kilisoma 94.

Hapa ndipo wengi hupumzika, na ndipo nilipotaka mfike. Oksijeni ya mtungi inapandisha namba hata kama mtu anapumua vibaya. Kazi ya mapafu ni mbili, kuingiza oksijeni na kutoa hewa chafu, na kipimo cha kidoleni kinaona moja tu. Mtu anaweza kusoma 95 huku hewa chafu ikijaa na usingizi ukizidi kuwa mzito. Kwa hiyo nilimweka yule kijana kiti cha jirani na kazi tatu kila dakika 10: hesabu pumzi dakika nzima, mwite jina na umguse, andika. Daktari wa ardhini alituambia zikishuka chini ya 8, au asipoitika kabisa hata akibanwa, tumwite tena mara moja na tuwe tayari kumsaidia kupumua kwa barakoa ya mfuko. Kapteni naye alikuwa tayari kuiteremsha ndege ili hewa ya ndani iongezeke uzito, ila haikufika huko. Saa kumi kasorobo yule mgeni aliitika jina lake kwa mara ya kwanza bila kubanwa.

Kipimo chenyewe kina ujinga wake. Kwa ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 90 ya mtu wetu msiifanye 90 ya starehe. Rangi ya midomo nayo kwetu haionekani kirahisi. Fungua mdomo wa chini utizame ndani, na utizame ulimi. Kwa mama aliyetoka harusini na piko au rangi ya kucha vidoleni, tafuta kidole kisichopakwa, au kidole cha mguu.

Mkeshani, mvinyo wa pili ukitaka kumiminwa, ulizeni kwa upole, "Unategemea kutumia dawa ya kulala usiku huu?" Wengi hujibu ukweli, kwa sababu hawaoni kosa. Akisema ndiyo, mpe maji na umweleze kuwa achague kimoja. Aliyekwisha kuvimeza vyote viwili msimgombeze. Andika namba ya kiti, dawa na miligramu zake, na saa aliyoimeza, na ukimpokeza mwenzako zamu umpe kwa mdomo pia. Asilale chali kichwa kimeinamia kifuani, na mkanda wake ufungwe juu ya blanketi ili msilazimike kumfunua.

Tulipotua, wauguzi waliingia kabla abiria hawajashuka. Yule kijana aliwapa karatasi yake: mistari 14, saa, pumzi, namba ya kipimo, kuitika au kutoitika. Muuguzi aliisoma yote akiwa amesimama kwenye ujia, kisha akauliza nani aliyeandika.