Kabla ya kuichoma filta ya dizeli, jua kwanza kwa nini haikujichoma

Gari la dizeli likiingia gereji na taa ya filta ya masizi, ile yenye picha ya bomba lenye nukta nukta ndani, kijana mgeni hukimbilia mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Anafuta kodi za hitilafu, anaiamrisha filta ijichome, anapokea hela yake. Wiki mbili baadaye gari limerudi, na safari hii mwenye gari hasemi kwa upole. Nawaandikia ninyi mnaoanza kushika spana hapa Kampala kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo.

Filta yenyewe ni kama sega la nyuki la kauri lililofungwa kwenye ekzosi. Vitundu vyake vimezibwa kwa zamu, kimoja mbele, cha jirani yake nyuma, kwa hiyo moshi hulazimika kupenya kwenye ukuta na masizi yanabaki. Ghala hilo lina mwisho, kwa hiyo lazima masizi yaunguzwe. Kwenye mwendo mrefu wenye mzigo, ekzosi ikipata joto la nyuzi 300 hivi, yanaungua polepole na dereva hajui kitu. Mjini joto hilo halifikiwi. Hapo kompyuta ya gari, ikiona masizi yamezidi, huanzisha uchomaji yenyewe: inanyunyiza dizeli kidogo kwenye silinda ikiwa imechelewa makusudi, pistoni ikiwa tayari inashuka. Dizeli hiyo haimalizikii kwenye silinda. Inatoka na moshi, inaungulia kwenye katalisti iliyo mbele ya filta, na joto linapanda hadi nyuzi 600 hivi. Inachukua dakika kumi na tano, ishirini. Kwa gari zima lenye matumizi ya kawaida, jambo hili hutokea kila baada ya kilomita mia kadhaa.

Kompyuta lakini ina masharti yake. Injini iwe imepata joto. Tangi lisiwe kwenye rizavu. Pasiwe na hitilafu fulani kwenye sensa, turbo au vavu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Sharti moja likikosekana haianzi kabisa, wala haimwambii dereva kwa nini. Inasubiri tu, huku masizi yakiongezeka.

Sasa niwape gari moja. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara, nitamwita Hajati. Anakaa Ntinda, asubuhi anapeleka watoto shule, kisha anashuka dukani kwake mjini. Njia yote haifiki kilomita kumi, lakini kwa jamu inaweza kula saa nzima, nyingi yake akiwa amesimama. Injini ni ya lita 2, gia otomatiki, gari la mtumba kutoka Japani.

"Fundi, hii taa wameshaizima mara tatu," aliniambia. "Sasa gari halipandi hata kilima cha Nakasero."

Kweli halikupanda. Nilikanyaga hadi mwisho, mshale ukagoma kupita mizunguko 2,500. Hiyo ni kompyuta inajilinda: imekata nguvu ya turbo ili filta iliyoziba isiumie zaidi na joto lisipande hovyo. Watu wengi hudhani turbo imekufa na kuanza kuulizia nyingine soko la spea la Kisekka. Ukiona nguvu imekatwa pamoja na taa ya filta, acha turbo kwanza.

Sikufuta kitu. Kumbukumbu iliyomo ndiyo ushahidi wako, na waliofuta mara tatu walikuwa wamefuta pia habari za siku tatizo lilipoanza. Nilikuta kodi mbili. P2463, yaani masizi yamezidi kiasi, na nyuma yake P0128, ambayo wengi huiruka kwa sababu haina neno filta ndani yake. Inasema maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa.

Kisha nikasoma namba gari likiwa linaunguruma. Umbali tangu uchomaji wa mwisho uliokamilika ulikuwa kilomita 1,340. Tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya filta, bila kukanyaga, ilikuwa kPa 3.8, wakati filta safi ya gari kama lile hukaa chini ya kPa 1. Kabla ya kuiamini namba hiyo nilizima injini nikawasha swichi tu: sensa ikasoma sifuri, kama inavyopaswa. Nikafuata kwa vidole vile vipaipu viwili vya mpira vinavyotoka kwenye filta kwenda kwenye sensa. Vilikuwa vizima. Msiruke hatua hii. Paipu likitoboka au likijaa masizi, sensa husema uongo, nawe utachoma filta isiyojaa au utaacha iliyojaa.

Namba iliyonikalisha chini ilikuwa ya joto la maji: nyuzi 62. Gari limetoka Ntinda, limekaa jamu, limepanda hadi kwangu, bado nyuzi 62! Nilifungua nyumba ya thamostati, ile vavu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nikaikuta tupu. Mnajua tabia yetu. Gari likichemka mara moja, fundi anang'oa thamostati, anasema huku kwetu ni joto, haina kazi. Kwa injini ya zamani ya petroli unaweza ukadanganyika usione madhara. Kwa dizeli yenye filta ya masizi, umeiondolea kompyuta sharti la kwanza, na uchomaji hautaanza hata dereva akiendesha hadi Mbarara.

Na kulikuwa na la pili. Mshale wa mafuta ulikuwa chini. Hajati huweka mafuta ya elfu thelathini leo, ya elfu thelathini keshokutwa, kama sisi sote. Tangi lake linaishi kwenye rizavu. Hata thamostati ingekuwepo, siku nyingi kompyuta ingekataa kuanza, kwa sababu uchomaji unakula dizeli zaidi na haitaki gari likauke njiani.

Mkishafika hapo, chomoeni dipstiki. Yake ilikuwa imepita alama ya juu kwa unene wa kidole, na oili ilikuwa nyepesi, ikinuka dizeli. Dizeli ile inayonyunyizwa kwa kuchelewa, nyingine hushika ukuta wa silinda na kuteremka kwenye sampu. Uchomaji ukianza na kukatizwa, ukianza na kukatizwa, oili inaongezeka badala ya kupungua. Huenda ilianza hivyo zamani, kabla thamostati haijatolewa: gari linaanza kujichoma karibu na nyumbani, askari anafungua geti, mama anazima. Oili iliyozidi hivyo ni hatari, maana injini inaweza kuivuta kupitia paipu la kupumulia, ikaanza kuichoma kama mafuta, na ukazima swichi isizimike.

Jambo la mwisho kabla ya kazi lilikuwa kujua kama filta yenyewe ni nzima. Nilifuta ndani ya mdomo wa ekzosi kwa kitambaa cheupe. Kikatoka na vumbi la kahawia tu. Ingekuwa imepasuka, kitambaa kingetoka cheusi tii, na hakuna uchomaji unaoponya kauri iliyopasuka.

Kazi niliifanya kwa mpangilio huu, na mpangilio una maana. Nilifunga thamostati mpya na kujaza kulanti, nikangoja joto lifike nyuzi 85. Nilipunguza oili hadi chini ya alama ya juu, lakini sikuibadilisha bado, kwa sababu uchomaji wa lazima nao huteremsha dizeli kwenye oili. Ukiweka mpya kwanza umeiharibu siku hiyo hiyo. Tukatia mafuta hadi nusu tangi. Nikaangalia kwenye mashine kama kiwango cha masizi kiko ndani ya kile ambacho mtengenezaji anaruhusu kuchomwa gari likiwa limesimama. Hapa msilazimishe. Masizi yakizidi sana yanawaka yote kwa pamoja, joto linapita nyuzi 1,000, na kauri inapasuka. Nimewahi kupasua moja, nikailipia mwenyewe, na hadi leo naukumbuka ule mlio mdogo kama wa glasi. Ikipita kiwango, filta inashushwa na kusafishwa nje ya gari.

Yake ilikuwa ndani ya kiwango. Nililisogeza gari kwenye zege tupu, mbali na majani makavu na matambara ya oili, boneti wazi, mtu mmoja akiwa na kizima moto. Injini ikajipandisha yenyewe, feni ikavuma, harufu ya chuma cha moto ikatoka. Nilikaa na namba mbili tu, joto la mbele ya filta na tofauti ya shinikizo. Joto lilifika 610. Shinikizo halikushuka kwa dakika kama nane, kisha likaanza kuteremka taratibu, na dakika ya ishirini na saba mashine ikasema imekamilika. Injini ilipotulia, bila kukanyaga, ilisoma kPa 0.7.

Ingebaki juu huku kompyuta ikisema masizi yamekwisha, ningejua ni majivu. Majivu hutokana na viungo vya oili, hayaungui kwa joto lolote la gari, hivyo dawa yake ni kushusha filta na kuisafisha. Ndiyo maana nilipobadilisha oili niliweka yenye majivu machache, iliyoandikwa ACEA C3 kama kitabu cha gari lile kilivyotaka. Magari mengine ya Japani hutaka DL-1. Soma kitabu, usisome bei.

Baada ya hapo tukaenda barabara ya kulipia ya Entebbe. Gari likashika 90 bila kusita.

Kuna watakaowaambia njia fupi ni kutoboa filta na kuidanganya kompyuta. Kwa Hajati ingeficha thamostati iliyokosekana, na watoto wake wangevuta yale masizi kwenye jamu ya kila asubuhi. Mimi siifanyi.

Yeye nilimwambia mambo mawili: tangi lisishuke chini ya robo, na akifika getini akasikia feni inavuma na injini iko juu kuliko kawaida, asizime, azunguke kidogo mpaka itulie. Jumapili asubuhi, kabla ya jamu, anapita Northern Bypass kutoka Naalya hadi Busega na kurudi. Alirudi baada ya miezi miwili kwa ajili ya breki. Nilichomeka mashine bila kuambiwa: uchomaji wa mwisho ulikamilika kilomita 120 nyuma, na oili ilikuwa kwenye alama.

"Askari wangu anadhani nimechanganyikiwa," alisema. "Anafungua geti, mimi napita."