Hakuna aliyekuwa anatafuta Mtepe

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Dada shikamoo. Nimepandisha sehemu nne za katuni yangu, tagi nimejaza mpaka nafasi imekwisha, kila sehemu ina watazamaji thelathini na kitu na nusu yao ni familia. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu hadi kondakta akanitazama. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi wa miaka mitatu iliyopita.

Mimi na mdogo wangu tulianza katuni yetu sebuleni kwa mama, Tanga, kwa kompyuta moja iliyokuwa ikichemka kama jiko. Ni watoto wawili wanaosafiri pwani kwa chombo cha kale, na kila bandari wanasimuliwa hadithi. Tukaiita Mtepe, kwa sababu mtepe ndicho chombo cha mababu zetu, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, msumari hata mmoja hakuna. Jina nilipolipata sikulala kwa furaha. Tuliipeleka kwenye kituo kimoja cha televisheni, tukakalishwa kwenye benchi saa tatu, kisha tukaambiwa tuiache flashi watatupigia. Flashi yenyewe mpaka leo sijairudishiwa. Basi tukasema twende YouTube, huko hakuna benchi.

Sehemu ya kwanza niliipa jina hili:

```
MTEPE | Msimu wa 1 | Sehemu ya 1 | UPEPO
```

Nililiona zuri. Liko kama la wakubwa. Baada ya mwezi nikaingia YouTube Studio, nikafungua video ile, nikaenda `Analytics`, kisha `Reach`, nikabonyeza `YouTube search`. Pale wanakuonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliandika hadi wakakufikia. Kwa mwezi mzima, watu 11 walikuja kwa kutafuta. Neno la kwanza lilikuwa "mtepe". Nikafurahi, kisha nikaliandika mwenyewe kwenye simu ya jirani. Yakaja mambo ya historia na vyombo vya kale. Kumbe hao wachache walikuwa wanatafuta jahazi la kushonwa wakaangukia kwa watoto wangu wa katuni, na muda waliokaa ulionyesha: sekunde ishirini, wakaondoka.

Hapo ndipo shida yako ilipo, na wala haiko kwenye tagi. Katuni mpya haina jina. Unalo wewe na mama yako. Mzazi aliyeko Mbagala au Muscat anayetaka kumtuliza mtoto hawezi kuandika jina ambalo hajawahi kulisikia. Anaandika kitu anachokijua tayari: "katuni za kiswahili", "hadithi ya sungura na fisi". Na mimi sehemu yangu ya kwanza ilikuwa ya sungura na fisi! Nikaificha chini ya neno Upepo. Nawe umefanya hivyohivyo.

Jinsi ya kuyapata hayo maneno: fungua kivinjari kwenye dirisha la siri ili historia yako isikudanganye, nenda YouTube, andika "katuni za" kisha usibonyeze chochote. Soma yanayoshuka chini. Ongeza herufi moja moja mbele yake, a, b, ch, uone yanavyobadilika. Fanya hivyo kwa "hadithi za", kwa "vibonzo", na pia kwa "swahili cartoon", maana watoto wetu waliozaliwa Ulaya na Marekani wanatafutiwa kwa Kiingereza. Google Trends nayo unaweza kuijaribu, ukichagua `YouTube Search` badala ya `Web Search`, ila kwa maneno ya Kiswahili mara nyingi itakujibu kwamba data haitoshi. Usikate tamaa kwa hilo, haina maana hakuna anayetafuta.

Halafu yafungue matokeo uyatazame. Hatua hii watu wanairuka. Nilipoandika "katuni za kiswahili" pekee nilikutana na Ubongo Kids na wenzao waliotangulia tangu 2014, wana video lukuki. Pale mimi nisingeonekana hata kwa tochi. Nilipoandika "sungura na fisi" nikakuta video nyingi ni picha moja iliyosimama na mtu anasoma hadithi juu yake. Nikasema hapa pana mlango. Jina likawa:

```
Sungura na Fisi Wagawana Samaki | Katuni ya Kiswahili | Mtepe 1
```

Litazame kwa utaratibu. Kinachotafutwa kimekaa mbele. YouTube inakuruhusu herufi 100, lakini kwenye simu mwisho wa jina refu hukatwa, kwa hiyo kinachoweza kukatwa bila hasara ni "Mtepe 1". "Wagawana Samaki" ipo ili anayetafuta ajue hii siyo ile hadithi aliyokwisha kuiona mara kumi. Na namba imebaki mwishoni kwa ajili ya aliyependa, ajue inayofuata ni ya pili. Mdogo wangu alinuna siku mbili. Alisema nimelishusha jina la chombo hadi mkiani. Nilimwambia siku watu watakapoanza kuliandika wenyewe nitalirudisha mbele. Na ndivyo ilivyokuwa: mwaka wa pili, kwenye ile ripoti ya `YouTube search`, nilianza kuona "mtepe katuni" na "mtepe sehemu ya 9". Msimu wa pili jina likakaa mbele. Mama alipika pilau.

Onyo moja: usibadilishe jina, kava na maelezo siku moja. Mimi nilivibadilisha vyote, nikashindwa kujua kipi kilichofanya kazi. Badilisha jina, acha siku 28, linganisha.

Maelezo sasa. Unazo herufi 5,000, lakini mtu anaona mistari miwili hivi kabla hajabonyeza aone zaidi. Wewe mistari yako miwili umeandika "Asanteni sana kwa sapoti, usisahau kusubscribe". Huyo mzazi hakujui, akusapoti kwa lipi? Mimi naandika sentensi za kawaida kama ninavyomsimulia jirani: "Sungura na Fisi wamevua samaki ufukweni Pangani, na Fisi anataka kugawa yeye. Katuni ya Kiswahili kwa watoto, hadithi ya kwanza katika safari za Mtepe." Inayofuata ni anwani ya orodha yenye sehemu zote. Majina ya waigizaji wa sauti na mengine yote yakae chini huko. Usibandike rundo la maneno ya kutafutiwa kwenye maelezo, hilo YouTube wamelikataza na video inaweza kuondolewa.

Na tagi? Nitakuvunja moyo. Nafasi ni herufi 500, na YouTube wenyewe wanasema mchango wake katika kutafutwa ni mdogo sana, zinasaidia zaidi pale neno linapokosewa kuandikwa. Basi zitumie kwa hilo. Zangu zote ni hizi:

```
mtepe, mutepe, mtepe katuni, sungura na fisi,
hadithi ya sungura na fisi, katuni za kiswahili,
swahili cartoon
```

Dakika moja imekwisha. Wewe umeniambia kila video unatumia saa nzima kwenye tagi. Hiyo saa ipeleke kwenye kuchagua lugha ya video iwe Kiswahili, halafu ongeza tafsiri ya jina na maelezo kwa Kiingereza kwenye sehemu ya `Languages`, ambayo zamani iliitwa `Subtitles`. Anayetumia YouTube kwa Kiingereza ataliona jina la Kiingereza, na jina lako la Kiswahili linabaki safi bila kuchanganywa.

Tuje kwenye ratiba, ambako niliumia kuliko kwingine. Sisi tulikuwa na sehemu nne tayari. Kwa pupa tukazitoa zote wiki moja, kisha kimya cha miezi miwili na nusu, kwa sababu sehemu moja ya dakika nne inatuchukua wiki tatu. Watoto waliotupenda walikua wakatusahau, naandika kama utani lakini iliniuma.

Hesabu yake ni ya kitoto. Msimu wa sehemu 10, unatoa moja kila wiki mbili, ya kumi inatoka wiki ya 18. Ukitengeneza moja kila wiki tatu, katika wiki 18 utapata 6. Kwa hiyo unahitaji 4 mkononi siku unayoanza, na hapo ya kumi inamalizika siku ileile inayotakiwa kutoka. Umeme ukikatika umeaibika. Anza na 5. Sisi msimu wa pili tulikaa nazo 5 kabatini na kila siku mdogo wangu ananiuliza tunasubiri nini.

Kwa nini nakazania ratiba, usitegemee tu kengele ya kuwaarifu wafuatiliaji? Kwa sababu katuni ya watoto lazima uitambulishe kuwa ni ya watoto, na ukishaitambulisha, kengele, maoni na zile kadi za mwisho za kumpeleka mtu video nyingine vyote vinaondoka. Hakuna wa kumwita mtazamaji arudi. Kinachobaki ni yeye kukutafuta tena, au orodha yenyewe kumpeleka mbele. Ndiyo maana kila sehemu mpya iingie kwenye orodha saa ileile inapotoka, zikiwa zimepangwa kuanzia ya kwanza. Orodha nayo iite kwa maneno yanayotafutwa: yangu ni "Katuni za Kiswahili: Hadithi za Sungura, Fisi na Kobe | Mtepe Msimu wa 1".

Saa ya kutoa haikusaidii kutafutwa, hadithi ya sungura inatafutwa mwaka mzima. Ila ukishawaahidi watu saa, ishike. Tuliwatangazia majirani na shule ya jirani kwamba sehemu ya tano ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mdogo wangu akapanga kwenye Studio `12:00 PM`. Ikatoka adhuhuri, watu wako kwenye swala ya Ijumaa, na jioni watoto wamekaa wanasubiri kitu kilichokwisha toka. Saa kumi na mbili jioni ni `6:00 PM`, andika kwa kalamu ya kudumu kwenye fremu ya kompyuta kama nilivyoandika mimi.

Kwa hiyo mdogo wangu, hizo sehemu zako nne usizifute. Ile ya tatu, uliyoiita "Kivuli", niliitazama yote: ni hadithi ya kobe kushindana mbio na sungura. Anza na hiyo. Andika "kobe na sungura" kwenye dirisha la siri leo usiku, tazama nani yuko pale juu, kisha niandikie jina jipya ulilolipata kabla hujalibandika.