Mwongozo wa brandi kwa kampuni ya keteringi: anzeni na boksi, sio na skrini

Nyie mnaoanza dizaini, niwape nilichojifunza kwenye kampuni ya keteringi iliyokua haraka, kutoka gari moja hadi manne, na kila aliyeigusa logo akaifanya anavyojua yeye. Kabla sijafungua programu yoyote niliomba vitu vyote vyenye logo viwekwe mezani: aproni, boksi la chakula, stika, menyu, picha ya gari. Rangi ya chungwa ilikuwa moja kwenye faili ila pale mezani nilihesabu tano, moja karibu nyekundu kabisa!

Chungwa yetu ilikuwa #F28C28. Hiyo ni namba ya skrini, na skrini inatoa mwanga wakati karatasi inategemea wino, kwahiyo usimpe mchapaji namba hiyo peke yake halafu ukategemea miujiza. Tulianza na namba za wino C0 M50 Y95 K0, tukachapisha kipande kidogo kwenye karatasi ileile ya menyu, tukakiangalia nje mchana, tukarekebisha mpaka ikakaa, na namba ya mwisho ndo ikaingia kwenye mwongozo. Ya uzi wa kudarizi aproni haina namba za aina hizo, unaenda na sampuli ya rangi, unachagua uzi kwenye kadi ya fundi kwa macho, unaandika msimbo wa uzi huo na jina la kampuni inayoutengeneza.

Sasa boksi la kaki. Hapa wengi wanaanguka. Wino wa kawaida hauzibi rangi ya karatasi iliyo chini yake, kwahiyo chungwa juu ya kaki inageuka kama tope, na nyeupe ndo haipo kabisa maana mchapaji wa kawaida hana wino mweupe, sehemu nyeupe anaiacha wazi tu. Tukaamua kwenye kaki logo ni rangi moja tu, kahawia iliyokoza #3B1F14. Andika hivyo wazi kwenye mwongozo, tena weka picha ya boksi lenyewe.

Kahawia hiyo ilituokoa kwenye lebo pia. Zamani maandishi yalikuwa meupe juu ya chungwa, yanapendeza kwenye simu ya dizaina, ila ukipima kontrasti haifiki hata 3 kwa 1, wakati maandishi ya kawaida yanatakiwa 4.5 kwa 1. Na yale maandishi ndo yanasema "ina karanga", mtu mwenye aleji anayasoma ukumbini taa zimefifia. Kahawia juu ya chungwa inatoa kama 6 kwa 1. Sheria ikawa: nyeupe juu ya chungwa hapana, hata kama bosi anaipenda.

Nafasi ya kuzunguka logo msiandike kwa sentimita, maana logo ya gari na ya stika hazilingani. Chukueni kipimo ndani ya logo yenyewe. Sisi tulichukua urefu wa herufi ya kwanza, ambao ni moja ya sita ya upana wa logo, na nafasi hiyo inabaki tupu pande zote nne. Mfano stika ya mraba ya milimita 60: logo inakuwa 45, herufi 7.5, kulia 7.5 na kushoto 7.5, jumla 60 kamili. Kwenye stika ya duara hesabu hiyo inakataa, kona za ile nafasi tupu zinatoka nje ya ukingo, kwahiyo huko weka alama peke yake bila jina. Kwenye aproni nafasi inahesabiwa kuanzia mshono na mfuko, fundi asipoambiwa atadarizi logo imegusa mfuko.

Mbinu iliyonisaidia sana, hifadhi faili la logo likiwa na ile nafasi tupu ndani yake tayari, kama boksi lisiloonekana, ili yule dada wa ofisini anayepanga menyu akiisogeza hadi mwisho wa ukurasa bado pumzi ipo. Na ulitume kama SVG au PDF, kwa imeili au linki, sio kama picha ya WhatsApp, kule inabanwa na kingo zinachakaa.

Fonti sitaongea sana. Mbili zinatosha, moja ya vichwa, moja ya kusomwa, ila ya kusomwa ijaribuni na jina refu la chakula na safu ya bei, maana kuna fonti ambazo tarakimu zake hazina upana sawa na bei zinapinda pinda. Menyu inabadilika kila wiki na haibadilishwi na wewe, kwahiyo hakikisha fonti ipo kwenye kompyuta ya anayeibadilisha, la sivyo programu inaweka nyingine kimyakimya na mistari inahama. Ukienda kwa mchapaji peleka PDF yenye fonti ndani.

Mwongozo wetu uliisha kurasa 6. Ya fundi wa aproni ni moja tu, ina picha na vipimo, na ndo hiyo anapewa peke yake.