Vitamini C ya kutafuna, pipi za vitamini na meno: majibu kwa wasomaji

Daktari, tangu nipate mafua makali natafuna vidonge vya vitamini C vya miligramu 500, vitatu kwa siku. Sasa maji baridi yananichoma meno ya kulia, na sioni jino lililotoboka. Ni hivyo vidonge?

Navishuku sana, dada. Vitamini C iliyomo kwenye vidonge vingi ni asidi askobiki, na kidonge kikilowa kwa mate pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi ukali, hushuka hadi karibu na 2. Enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Ukitafuna, unaisukuma asidi hiyo ndani ya mifereji ya magego, na chembechembe hubaki humo. Mate huizimua, lakini huchukua nusu saa au zaidi. Kwako wewe shambulio hilo hutokea mara tatu kila siku.

Jiulize kwanza huwa unatafunia upande gani. Ikiwa ni kulia, hiyo ni dalili nzito. Kisha chukua kioo na tochi uyatazame magego. Jino lililoliwa na asidi halina shimo jeusi. Huwa laini na linang'aa, vilele vyake vina vibonyeo vidogo, na ndani ya vibonyeo hivyo panaonekana manjano, kwa sababu dentini, yaani tabaka la manjano lililo chini ya enameli, imeanza kujitokeza. Kama una jino lililozibwa zamani, ule uzibo unaweza kuonekana umeinuka. Uzibo haujapanda, ni jino linalouzunguka lililopungua.

Hamia kidonge cha kumeza, umeze na maji, isipokuwa kama daktari alikuandikia dozi hiyo kwa sababu maalumu. Hata hivyo nenda ukaonwe, maana kiungulia cha mara kwa mara na soda za kila siku huliacha jino katika hali hiyohiyo, na ufa mdogo nao huleta ganzi.

Mwanangu ana miaka 4. Nampa pipi laini za vitamini usiku akishapiga mswaki, ndiyo anakubali kulala. Zimeandikwa hazina sukari, kwa hiyo hazina shida, sivyo?

Mama, usiku ndio wakati mbaya kuliko yote. Mtu akilala mate hupungua sana, na mate ndiyo kinga ya jino. Pipi hizi hunata kwenye mifereji ya magego na kukaa humo. Zenye sukari huwalisha bakteria wanaotoboa meno. Zisizo na sukari huwanyima chakula hicho, lakini nyingi zina asidi sitriki ya kuleta ule ukali wa chungwa, na mara nyingine hata unga mchachu unaozipaka nje ni huohuo. Asidi haihitaji bakteria ili iyeyushe enameli.

Mpe pamoja na chakula cha mchana, mate yakiwa mengi, kisha anywe maji. Usiku mswaki uwe wa mwisho, na dawa yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya njegere. Na kama mtoto anakula matunda na mboga vizuri, muulize daktari wake kama anazihitaji hizo pipi kabisa.

Mimi nikishatafuna tu napiga mswaki kwa nguvu ili asidi itoke. Nafanya vizuri?

Hapana. Dakika hizo enameli imelainika kwa juu, na mswaki huikwangua kabla mate hayajairudishia madini. Sukutua kwa maji matupu, subiri nusu saa hadi saa moja, ndipo upige kwa mswaki laini. Ukimaliza tema povu na usisukutue, ili floraidi ibaki kwenye meno. Unga wa mkaa na ndimu za kung'arisha meno achana nazo: mkaa unakwangua, ndimu inayeyusha.

Enameli iliyokwisha kuliwa hurudi?

Iliyolainika tu huweza kukazwa tena na mate na floraidi. Iliyokwisha kuondoka haioti tena. Daktari wa meno anaweza kupaka vanishi ya floraidi kupunguza ganzi, au kuziba palipobonyea sana.

Nikiacha vya kutafuna, vitamini C nitaitoa wapi? Vile vya kuyeyusha kwenye maji je?

Vya kuyeyusha navyo ni vichachu. Ukivitumia, kunywa mara moja na chakula, usinywe kidogokidogo mchana kutwa. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 hivi kwa siku, na pera moja kubwa hupita kiasi hicho. Papai na pilipili hoho pia zinayo kwa wingi. Ukitaka kidonge lazima, mwombe mfamasia chenye sodiamu askobeti, ambayo si kali kama asidi askobiki, ila soma viambato vyote, kwani baadhi huongezewa asidi sitriki kwa ajili ya ladha. Mwenye presha amwambie kabla ya kununua, kwa sababu ya hiyo sodiamu.