Hesabu za umri: tazama pengo kabla ya kuandika x

Wiki iliyopita binti wa dada yangu, aliye darasa la saba, alinijia jioni na daftari. Ukurasa ulikuwa umefutwafutwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka. "Mjomba, kila nikikokotoa huyu mdogo anatoka na miaka sifuri," akaniambia.

Swali lenyewe ni hili: uwiano wa umri wa kaka na mdogo wake sasa ni 5:3. Miaka 6 iliyopita ulikuwa 2:1. Tafuta umri wao wa sasa.

Alikuwa ameanza vizuri kabisa: kaka 5x, mdogo 3x. Halafu alipofika kwenye miaka 6 iliyopita akaandika 2x na x, kisha 5x − 6 = 2x. Akapata x = 2, yaani kaka ana miaka 10 na mdogo 6. Ukirudi nyuma miaka 6, kaka alikuwa na 4 na mdogo ndiyo kwanza anazaliwa. Hakuna 2:1 hapo.

Kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi wengi niliowafundisha jioni, na halitokani na uzembe. Uwiano hautaji miaka, unataja mafungu. Ile x ni ukubwa wa fungu moja katika uwiano wa sasa. Fungu la uwiano wa zamani lina ukubwa wake mwingine, kwa hiyo huwezi kuliita x pia. Ushauri wangu: herufi itumie kwenye uwiano mmoja tu. Ule wa pili usome kama sentensi. "2:1" maana yake kaka alikuwa na umri mara mbili ya mdogo wake. Basi iandike hivyo hivyo:

```
5x − 6 = 2(3x − 6)
5x − 6 = 6x − 12
x = 6
```

Kaka ana 5 × 6 = 30, mdogo 3 × 6 = 18. Miaka 6 iliyopita walikuwa na 24 na 12. Mara mbili kweli.

Angalia mabano. Miaka 6 hutolewa kwa wote wawili, na ile 2 huzidisha kila kilichomo ndani. Ukiandika 6x − 6 badala ya 6x − 12, x itatoka sifuri. Ukisahau kumpunguzia mdogo miaka yake, utapata 5x − 6 = 6x, na x itakuwa −6. Jibu la sifuri au hasi katika hesabu hizi ni dalili kwamba mlinganyo umeandikwa vibaya, kwa hiyo rudi kwenye mstari wa kwanza, usihangaike na wa mwisho.

Baada ya hapo nilimwonyesha njia ninayoipenda zaidi, isiyohitaji herufi. Watu wawili huongeza miaka sawasawa, kwa hiyo pengo kati yao halibadiliki maisha yao yote. Katika 5:3 pengo ni mafungu 2. Katika 2:1 pengo ni fungu 1. Kwa kuwa pengo ni lile lile, tuligeuze 2:1 liwe 4:2, ili nalo liwe na pengo la mafungu 2. Sasa mafungu yana ukubwa mmoja. Kaka ametoka 4 akafika 5, mdogo ametoka 2 akafika 3. Kila mmoja ameongeza fungu 1, nalo ni miaka 6. Kaka 30, mdogo 18.

Pengo hilo hilo linakusaidia kukagua swali kabla ya kulianza. Kadiri miaka inavyokwenda, uwiano wa mkubwa kwa mdogo hupungua ukielekea 1. Zamani lazima mkubwa awe "mara nyingi zaidi" ya mdogo kuliko sasa. Siku moja niliandika ubaoni sasa 2:1, miaka 6 iliyopita 5:3. Darasa zima likapata x = −12, na hesabu zao zilikuwa sahihi. Swali langu ndilo lililokuwa haliwezekani. Tangu hapo, nikitunga swali naanza na umri wenyewe, kisha natafuta uwiano wake.

Mapengo yakigoma kulingana kwa urahisi, tafuta KDS yake. Nilimpa binti hili: sasa 7:4, miaka 10 iliyopita 3:1. Mapengo ni 3 na 2, KDS ni 6. Akazidisha uwiano wa kwanza kwa 2 akapata 14:8, wa pili kwa 3 akapata 9:3. Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole kutoka 9 hadi 14. "Mafungu matano ni miaka kumi, kwa hiyo fungu ni miaka miwili." Akaandika 28 na 16, na pembeni kwa penseli, bila kuambiwa: 18 na 6.